Pedali ya kushoto na chumvi ya Sahare

Kabla fundi wa baiskeli hajashika spana, inampasa ajue anafungua pedali ya upande gani. Ya kulia inafunguka kama nati nyingine yoyote, kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto hesi zake zimekatwa kinyume, hivyo inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Asiyelijua hili huikuta ya kushoto imekaza kidogo tu, akatafuta bomba la kurefushia spana, akamwita jirani aongeze uzito, na wawili hao wakaikaza mpaka jasho likawatoka. Nimewahi kuona pedali zikiletwa kwa fundi kwa jina la "imeshikana na krenki", yaani ule mkono unaobeba pedali, kumbe hazijashikana na chochote. Zilikuwa zimefungwa na watu waliodhani wanafungua.

Njia ya kutokosea ni hii. Isimamishe baiskeli kwa magurudumu yake, ivishe spana ikiwa imeelekea juu, kisha isukume iende upande wa gurudumu la nyuma. Kulia au kushoto, ukisukuma kwenda nyuma unafungua. Hata ukitumia spana ya L kutoka upande wa ndani, kwa pedali zenye tundu la pembe sita kwenye kitako cha ekseli, kanuni haibadiliki: mkono wa spana juu, sukuma nyuma. Ukianza kuwaza saa na kinyume cha saa ukiwa umeinama kwa ndani, utapotea.

Hesi za kushoto ziligeuzwa kwa sababu. Shika kalamu ndani ya ngumi iliyolegea, halafu izungushe ncha yake kwa kidole cha mkono wa pili. Utaiona kalamu yenyewe ikijiviringisha ndani ya ngumi kwa upande ulio kinyume na kidole. Ekseli ya pedali hufanya hivyohivyo ndani ya tundu la krenki, kwa kiasi ambacho jicho halioni, kwa sababu uzito wa mguu huzunguka tundu zima katika kila duru. Mwendo huo mdogo ungeifungua pedali ya kushoto kama ingekuwa na hesi za kawaida. Kwa hesi za kinyume, mwendo uleule unaikaza. Ndiyo maana pedali iliyofungwa kwa nguvu za wastani mwaka juzi leo haifunguki kwa nguvu zile: mwendeshaji mwenyewe amekuwa akiikaza kila alipopanda mlima.

Hapo bado hatujafika kwenye kutu.

Baiskeli ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kijana mchuuzi wa samaki anayechukua mzigo wake pwani ya Sahare, Tanga, na kuuzungusha mitaani. Ni ya mtumba kutoka Japani, fremu ya chuma, krenki za aluminiamu. Maji yakitoka huishusha mpaka kwenye mchanga wenye unyevu kufuata mitumbwi, na kreti lenye samaki na barafu hukaa nyuma likidondosha maji yenye chumvi njia nzima. Pedali ya kushoto ilikuwa imekufa: golori zimesagika, plastiki imepasuka, imebaki kuning'inia kwenye ekseli yake. Aliileta kwa mzee mmoja fundi pale Ngamiani, ambaye mimi hupenda kukaa kibarazani kwake na kushikilia vitu anaponiambia nishike.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii baiskeli hulala baharini?"

Alikuwa ameshaona alichokuwa akikitafuta. Pale ekseli inapoingia kwenye krenki palikuwa na duara la unga mweupe, mgumu. Aliukwaruza kwa ncha ya msumari, ukatoka vipande vipande. Ule ndio ushahidi. Pedali iliyokazwa tu haina unga, na ikikubali hulia "kach!" mara moja kisha huzunguka hadi mwisho kwa vidole. Iliyoshikwa na kutu hukubali robo mzunguko, ikapiga kelele, ikagoma tena.

Chuma na aluminiamu vikigusana vikiwa vimeloa maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni aluminiamu. Kutu yake ni ule unga mweupe. Ubaya wake si kwamba inanata, maana hainati sana. Ubaya ni kwamba inachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa. Tundu la pedali kwenye krenki kama ile lina kipenyo cha inchi 9/16, yaani milimita 14.3 hivi, lenye hesi 20 kwa kila inchi. Krenki ina unene wa milimita kumi na kidogo pale, kwa hiyo hesi zinazoshikana ni kama tisa tu. Ndani ya hizo tisa hakuna nafasi ya ziada. Unga unapozaliwa na kukosa pa kwenda, unaibana ekseli kutoka pande zote. Kwa hiyo unapofungua pedali ya namna hii unapambana na hesi zilizokazwa na mwendo wa miguu, na juu yake kabari ya unga iliyojaa kila bonde la hesi.

Hii inaeleza kwa nini mafuta peke yake hayatoshi. Kwenye Phoenix ya zamani yenye krenki za chuma, kutu ni nyekundu, laini kiasi, na mafuta ya kupenya ukiyadondosha jioni na asubuhi kwa siku chache yatafanya sehemu kubwa ya kazi. Kutu nyeupe ya aluminiamu haiyeyuki kwa mafuta ya taa, wala dizeli, wala yale ya kopo la kupulizia. Mafuta yana kazi hapa, lakini ni kazi ya baadaye: unga ukishapasuka, yanaingia kwenye nyufa na kulainisha mwendo.

Tena, watu wengi huyaweka mahali pasipopitika. Wanadondosha upande wa nje, pale pedali ilipo, kwa sababu ndipo panapoonekana. Lakini upande ule ekseli ina bega linalobana uso wa krenki na kuziba tundu. Mlango ulio wazi uko upande wa ndani, unaotazama fremu, ambako mwisho wa ekseli unaonekana ndani ya tundu lake. Mzee aliilaza baiskeli kwa ubavu wa kushoto ili upande wa ndani wa krenki ya kushoto utazame juu, akasafisha kitundu kwa brashi ya meno, akakijaza mafuta kama kikombe kidogo. Kijana akaambiwa arudi kesho.

"Kesho mzee? Samaki wangu?"

"Samaki wako watakwenda kwa miguu leo."

Asubuhi tukaanza na spana ya 15. Spana ya pedali ni nyembamba kwa sababu nafasi kati ya krenki na mwili wa pedali ni finyu, na ndefu kwa sababu unazozijua. Spana ya kawaida ya 15 mara nyingi haiingii, au inaingia nusu na kula kona za ekseli. Ile ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita spana malaya, kwa kazi hii iache kabisa. Taya zake hulegea kidogo kila unapobonyeza, na bapa za ekseli zikishakuwa mviringo, umepoteza mahali pekee pa kushikia.

Mkao wa mikono unahesabika kuliko misuli. Krenki ielekezwe mbele, ilale sawa na ardhi. Spana ivishwe ikielekea nyuma, karibu kulaliana na krenki yenyewe, iachwe juu kidogo ili pabaki pembe ndogo kama makucha ya kaa. Kisha bonyeza spana chini. Katika mkao huo nguvu yako inapita karibu na kitovu cha krenki, kwa hiyo krenki haina hamu ya kuzunguka. Karibu kila unachobonyeza kinaingia kwenye hesi. Ukiiweka spana mbele, imefuatana na krenki kwa mstari mmoja, utajikuta unazungusha mnyororo na kupigana na baiskeli nzima. Mnyororo wenyewe uwekwe kwenye gia kubwa ya mbele ili meno yafunikwe. Spana ikichoropoka ghafla, vidole vinakwenda moja kwa moja kwenye meno hayo, na nimeona vidole vya watu waliopuuza.

Tulibonyeza. Haikuenda. Mzee akavisha bomba kwenye spana, akabonyeza tena, taratibu, macho yakiwa kwenye taya za spana na wala si kwenye bomba. Akaacha.

"Imeanza kufunguka," alisema.

Nilifurahi kabla sijaelewa kwamba anazungumzia spana. Taya zilikuwa zinapanuka. Hapo ndipo fundi mzuri anapoachana na wengine: mtelezo wa kwanza ni wa mwisho. Kona za bapa zikianza kung'aa, njia hiyo imekwisha, hata kama unahisi bado kidogo tu.

Njia ya pili ni kugeuza kazi juu chini. Badala ya kuishika krenki na kuzungusha pedali, unaishika ekseli na kuzungusha krenki. Alichora kwanza mshale wa chaki kwenye krenki kuonyesha upande wa kufungulia, maana krenki ikishatoka kwenye baiskeli hakuna mbele wala nyuma. Akaondoa bolti ya krenki, akaingiza pula, kifaa cha kung'olea krenki, mpaka hesi zake zikaisha kabisa (ikiingia nusu, itang'oa hesi za krenki na utakuwa na shida mbili), akaitoa krenki. Pedali tuliivua mwili: kifuniko cha nje, nati, koni, golori zilizobaki zikamwagika kwenye bakuli. Ikabaki ekseli tupu iliyochomoza kwenye krenki. Tukaibana kwenye jiliwa kwa zile bapa zake, ikiwa wima, krenki imelala juu yake na uso wake wa ndani ukitazama angani.

Jiliwa lina taya pana za chuma zinazobana bapa zote mbili kwa urefu wake wote, jambo ambalo spana haliwezi. Na krenki yenyewe, yenye urefu wa sentimita 17, sasa ni mkono wa spana. Ukiivisha bomba juu ya kitambaa inakuwa ndefu upendavyo. Kwa ekseli ya kushoto iliyobanwa hivi, ukitazama kutoka juu, krenki inazungushwa kufuata saa. Ya kulia ni kinyume. Mshale wa chaki ndio unaokuokoa na hesabu hizi.

Lakini kabla ya bomba, birika.

Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa tundu la milimita 14.3, ukiipandisha joto kutoka la Tanga hadi karibu na la maji yanayochemka, tofauti kati ya tundu na ekseli inakuwa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini kabari tunayopambana nayo nayo ni nyembamba, na upanuzi huo haujali umekaza kiasi gani. Tena hata ekseli ikipata joto sawa na krenki, tundu bado linashinda, na mwanzoni linashinda zaidi kwa sababu maji yanaigusa krenki kwanza.

Alimimina birika zima polepole kuzunguka jicho la krenki, pale penye tundu la pedali, juu ya kitambaa kilichofungwa pale ili kishike joto. Akafungua kitambaa, na wakati krenki ingali ya moto akaligonga jicho kwa nyundo, ubavu mmoja, huku nimeshikilia kipande cha chuma kizito upande wa pili. Mapigo mafupi, makavu, si ya kutwanga. Kazi ya mapigo ni kuupasua unga, ambao ni mgumu lakini hauwezi kupindika. Kisha akadondosha mafuta, yakapoa pamoja na krenki na kuvutwa ndani. Birika la pili likafuata.

Baada ya hapo alivisha bomba kwenye krenki. Mtu akibonyeza kilo 60 mwishoni mwa sentimita 60 anatoa kama nyutoni-mita 350, karibu mara tisa ya nguvu ya kufungia pedali. Hatukufika huko. Ilisikika mlio mfupi, krenki ikasogea upana wa kidole.

Kijana akataka kuendelea kuzungusha. Mzee akamzuia, akairudisha krenki ilikotoka. Hapa ndipo hesi nyingi hufia, baada ya ushindi. Unga uliopasuka haujatoka. Uko ndani, umekuwa msasa kati ya chuma na aluminiamu. Ukiendelea upande mmoja kwa nguvu unajikusanya mbele ya hesi, unapata joto, unakwaruza, na hesi za aluminiamu zinatoka zimesokotwa kwenye ekseli kama waya. Kwa hiyo nenda kidogo, rudi, mafuta, nenda zaidi kidogo. Kilichotoka kilikuwa tope la kijivu. Kila krenki iliporudi kuwa nyepesi aliongeza mzunguko, na ilipokuwa ngumu alirudi nyuma. Masikio yalimwongoza zaidi ya mikono: mlio mkali maana yake kavu, rudi.

Watu huuliza kuhusu moto. Kwa krenki ya chuma sina ugomvi na tochi ya gesi. Kwa aluminiamu iwe hatua ya mwisho, na kwa uangalifu, kwa sababu krenki nzuri zimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, na joto likizidi kama nyuzi 200 ugumu huo huanza kupotea bila dalili yoyote. Aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya. Kipimo cha fundi ni tone la maji: likianguka na kuchemka papo hapo mpaka kukauka, uko salama, likiwa kidonge kinachokimbiakimbia juu ya krenki bila kushika, umeshafika mpaka, ondoa moto. Mafuta ya kupenya yafutwe kwanza maana mvuke wake unashika moto, na mwili wa pedali wenye plastiki uwe umeshavuliwa. Krenki ya kaboni usiipelekee moto kabisa.

Na kuna kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ambayo mara kwa mara mtu huipendekeza kwa sababu inakula kutu nyeupe. Ni kweli inaila. Inakula na krenki, kwa kasi zaidi, na kuiacha ekseli ya chuma ikiwa safi kabisa. Pedali utakuwa umeitoa, ila hutakuwa na pa kuifungia.

Ekseli ya mchuuzi ilitoka ikiwa na vipande vya aluminiamu kwenye hesi mbili za mwanzo, zile za upande wa nje zilizokaa karibu na maji. Nyingine zilikuwa nzima. Krenki yenye hesi sita au saba safi bado ina maisha, ila usijaribu kuingiza pedali mpya kwa upande ule ulioharibika, kwa sababu itashika mshazari. Ingia kwa ndani, ambako hesi ni nzima. Fundi mwenye tapu, chombo cha kukatia hesi, ya inchi 9/16 ya hesi za kushoto huianzia huko na kuisukuma mpaka itokee nje. Mzee hana tapu ya kushoto. Alichukua ekseli ya pedali nyingine ya kushoto, akaipaka mafuta, akaizungusha kwa vidole kutoka upande wa ndani mpaka ikafika kwenye zile mbili zilizochanika, kisha kwa spana, nenda rudi, ikazinyoosha. Upande wa hesi haubadiliki kwa kuingilia nyuma. Hesi ya kushoto ni ya kushoto ukiitazama kutoka popote. Kama hesi zingekuwa zimeondoka zote, angeshauri krenki nyingine ya mtumba, na ningekubaliana naye. Kuna wanaotoboa tundu na kuweka hesi za kupachika, na inafanya kazi, lakini hapo unahitaji tapu kubwa zaidi ya kushoto, na tayari tumesema ile ndogo tu haipo.

Pedali mpya zimepigwa chapa L na R kwenye ekseli, na kwa pesa za mchuuzi hakuna haja ya kubahatisha. Grisi iliwekwa nyingi, kwenye hesi na kwenye bega la ekseli, kwa sababu kazi yake hapa ni kuzuia maji ya bahari yasiziguse metali mbili kwa wakati mmoja. Pedali iliingizwa kwa vidole mpaka mwisho. Kama isingekubali kwa vidole, ingetolewa na kuanzwa upya. Kisha spana, nyutoni-mita 35 hadi 40, ambazo ni kama kubonyeza kilo 20 mwishoni mwa spana ya sentimita 20. Hapahitajiki zaidi; miguu yake itaongeza iliyobaki.

Ya kulia nayo ilikuwa na duara jembamba la unga, ingawa pedali yake ilikuwa bado nzima. Kijana alisema hiyo iachwe, haimsumbui. Mzee hakujibu, alishaelekea ndani kujaza birika.